Ukitengua Hitimisho, Usikimbilie Kinyume Chake

Nafundisha mantiki. Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi si la mtu kung'ang'ania alichoamini hata baada ya ushahidi mpya kufika. Ni la yule anayekubali haraka kwamba hitimisho lake limeanguka, kisha papo hapo anaamini kinyume chake. Anaonekana msikivu, lakini ameruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa.

Tuanze na mfano wa siku zote. Ndege kwa kawaida huruka. Kito ni ndege. Basi Kito huruka. Hitimisho hili ni zuri na lina nguvu: spishi za ndege waliopo duniani zinazidi 10,000, na zisizoruka ni kama 60 tu. Hata hivyo halifanani na hitimisho la hesabu. Katika hesabu, ukishathibitisha jambo kutokana na dhana zako, kuongeza dhana nyingine hakuliondoi. Kwa Kito, sentensi moja tu ya ziada inaweza kulitengua, bila sentensi yoyote ya mwanzo kuwa ya uongo. Bado ni ndege, na bado ndege kwa kawaida huruka.

Ila sentensi za kutengua haziko za aina moja. Aliyelipambanua jambo hili kwa uwazi ni mwanafalsafa wa Marekani, John Pollock. Ipo habari inayopinga hitimisho lenyewe, na ipo inayokata kiungo kati ya ushahidi na hitimisho. Mfano wake maarufu ni wa kitu kinachoonekana chekundu. Ukikiona chekundu, una sababu ya kuamini ni chekundu. Ukiambiwa kinamulikwa na taa nyekundu, sababu yako imekatwa, kwa kuwa chini ya taa ile hata kitu cheupe kingeonekana chekundu. Lakini hakuna aliyekuambia si chekundu! Kinaweza kuwa chekundu vilevile. Unachobaki nacho ni "sijui".

Sasa tumrudie Kito, tumpe mazingira. Tuseme unapanga banda la viumbe watakaoletwa, na umepewa orodha tu. Kwenye orodha, safu ya kundi inasema "ndege" mbele ya jina Kito. Umehitimisha kwamba huruka, na kutokana na hilo umeamua banda lake lifunikwe wavu juu.

Habari ya kwanza: Kito ni pengwini. Hii ni pingamizi la moja kwa moja. Una kanuni mbili zinazogongana, moja ya ndege wote na nyingine ya pengwini, na ya pili inashinda kwa sababu ni mahususi zaidi: kila pengwini ni ndege, ila si kila ndege ni pengwini. Hapa una haki kamili ya kusema "haruki". Umetengua na umepata kinyume chake kihalali.

Futa habari hiyo, uweke nyingine: aliyeandaa orodha alikosea kupanga safu, na maneno ya kundi yameshuka mstari mmoja. Neno "ndege" lililo mbele ya Kito ni la kiumbe wa mstari wa juu. Hapa ndipo wanafunzi wangu huandika "kwa hiyo Kito haruki". Imetoka wapi? Kilichokatika ni kiungo kati ya orodha na Kito kuwa ndege. Huenda Kito ni popo, naye huruka vizuri sana. Huenda ni kobe. Huenda ni ndege kweli, kwa bahati tu mistari miwili iliyofuatana ilikuwa ya ndege. Jibu sahihi ni kwamba kuhusu kuruka kwa Kito huna neno, mpaka upate habari nyingine.

Swali ninalowafundisha kujiuliza ni hili: je, habari mpya ingenipa sababu ya kuamini kinyume hata kama sikuwahi kuwa na hitimisho la awali? Kusikia kwamba Kito ni pengwini, peke yake, kunatosha kukufanya uamini haruki. Kusikia kwamba safu za orodha zimeshuka, peke yake, hakukuambii lolote juu ya mabawa ya mtu. Jaribio hilo limenitosha karibu kila mara.

Wanaoandika programu wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Katika lugha ya programu ya Prolog unaweza kuandika kanuni ya ndege hivi:

```prolog
:- dynamic ndege/1, pengwini/1.
ndege(kito).
huruka(X) :- ndege(X), \+ pengwini(X).
```

Ukiuliza `huruka(kito).` utajibiwa `true`. Ongeza `pengwini(kito).` na jibu litakuwa `false`. Sawa. Lakini ukifuta mstari wa `ndege(kito).`, na kuwaacha pengwini nje kabisa, utaona `false` ileile. Alama ya `\+` na jibu lenyewe vyote vinamaanisha "sikuweza kuthibitisha", si "nimethibitisha kwamba sivyo". Mashine imeyaweka "haruki" na "sijui" kwenye neno moja, nawe msomaji ndiye unayepaswa kuyatenganisha.

Kuna upande wa pili ambao watu huusahau: habari inayotengua nayo hutenguliwa. Tuseme baadaye inagundulika kwamba safu zilishuka kuanzia ukurasa wa pili, na Kito yuko ukurasa wa kwanza. Kiungo kimeunganika tena, na hitimisho la mwanzo linarudi na nguvu yake yote. Huhitaji ushahidi mpya kwamba Kito huruka. Ule wa zamani ulikuwa umezuiwa tu. Ndiyo maana nawashauri watu wasifute hoja iliyotenguliwa. Iachwe pale ilipo, na pembeni iandikwe kilichoizuia. Mtafiti wa akili bandia, Jon Doyle, aliitengenezea kompyuta utaratibu wa namna hii mwaka 1979: kila imani inahifadhiwa pamoja na sababu zake, ili sababu ikianguka ijulikane ni nini kinaanguka nayo na nini kinabaki.

Hilo la kubaki lina uzito. Kito akiwa hajulikani kama huruka, je, wavu wa juu uondolewe kwenye mpango? Inategemea ulisimama juu ya nini. Kama sababu pekee ilikuwa kumzuia asiruke akatoka, uamuzi huo sasa hauna mguu. Kama ulikuwa pia wa kuzuia wanyama wawindaji wasiingie kutoka juu, unabaki, kwa sababu ile nyingine haikuguswa. Mtu ambaye hakuandika sababu zake atabomoa vyote au ataacha vyote, na kwa vyovyote atakuwa anabahatisha.

Kanuni ya umahususi niliyoitumia kwa pengwini nayo ina mpaka. Richard Nixon, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa Mkweka, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo la Quaker, na Wakweka kwa kawaida hupinga vita. Alikuwa pia wa chama cha Republican, na tuseme wanachama wake kwa kawaida hawapingi. Hakuna kundi lililo ndani ya jingine, kwa hiyo hakuna kanuni iliyo mahususi kuliko mwenzake. Baadhi ya wanamantiki huruhusu uchague upande mmoja mradi usijipinge. Mimi nasimama na wale wanaositisha hukumu, isipokuwa pale ambapo uamuzi hauwezi kusubiri. Hapo nachagua upande ambao kosa lake lina gharama ndogo, na naandika wazi kwamba nimechagua, sikuhitimisha. Kwa Kito wa orodha mbovu, kwa mfano, ningeweka wavu: wavu usiohitajika unaondolewa, popo aliyetoroka harudi.