Tangi la nishati na zawadi ya kila siku: nilivyopiga hesabu za gemu langu

"Wadau, nacheza gemu moja la mashujaa kwenye simu. Kila baada ya muda nachungulia kama nishati imejaa, na nikikosa kuchukua zawadi ya siku roho inaniuma kama nimeibiwa. Kulifuta sitaki, nalipenda. Haya mambo yametengenezwaje, na nifanyeje nilicheze mimi badala ya lenyewe kunicheza? Niko Arusha, Sakina."

Jirani, mimi niko Moshi, nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Gemu la aina hiyo nimelicheza karibu miaka miwili, na jina lake naliacha. Nilianza kulielewa siku nilipochukua kalamu nikaandika namba tatu nyuma ya risiti: tangi linabeba nishati ngapi, nishati moja inachukua dakika ngapi kurudi, na pambano moja linakula ngapi.

Langu lilikuwa hivi. Tangi 120, nishati moja kila dakika 5, pambano 20. Maana yake tangi likiwa kavu linajaa kwa dakika 600, yaani masaa 10. Likijaa napata mapambano sita, kila moja kama dakika tatu, kwa hiyo ndani ya dakika 18 nimelimaliza na gemu linaniambia nisubiri.

Wengi tunadhani mtego ni kule kusubiri. Kusubiri peke yake hakumrudishi mtu, angeenda zake akafanya kazi. Kinachomrudisha ni kwamba tangi lina mwisho. Likifika 120 linasimama, na kila dakika 5 zinazopita baada ya hapo ni nishati ambayo ungeipata na hukuipata. Kwa masaa 24 gemu langu lingeweza kunipa 288. Nikiingia mara mbili, tuseme saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, nachukua 120 mara mbili, jumla 240. Zile 48 zimemwagika. Nikitaka isimwagike hata moja inabidi niingie mara tatu. Sasa angalia saa nilizokuwa naingia bila kuambiwa na mtu: saa 12 asubuhi kabla ya chai, saa 8 mchana mteja akiwa ananisubiri kwenye benchi, saa 4 usiku kitandani. Masaa manane kamili kila pengo. Nilijiona mjanja kumbe ratiba ile iliandikwa na aliyechagua ukubwa wa tangi.

Ndiyo maana tangi likiwa dogo wito unakuwa wa mara kwa mara. Candy Crush Saga, lililotoka 2012, linajulikana kwa maisha matano, moja likirudi kwa dakika 30. Hilo linajaa kwa masaa mawili na nusu tu. Ukitaka kujua gemu linataka uje mara ngapi kwa siku, usisome maelezo yake, gawanya 24 kwa masaa ya kujaza tangi. La kwangu lilitoa 2.4, ndiyo hizo mara tatu.

Kuna na jambo la pili ndani ya tangi hilohilo: linakukata ukiwa bado na hamu. Ni kama kula kwa mama ntilie halafu sahani inaondolewa kwenye tonge la tano. Ukicheza hadi kushiba unachoka, na aliyechoka anaweza kukaa wiki bila kufungua. Wewe unaondoka na njaa, kila siku. Na wao pia wanapata muda wa kupika hatua mpya kabla hujazimaliza za zamani.

Wiki ya kwanza hukuyaona haya kwa sababu moja: kila ukipanda daraja tangi linajazwa bure, na mwanzoni unapanda kila baada ya mapambano machache. Nilikuwa nacheza masaa mawili mfululizo nikidhani gemu lina huruma. Baadaye daraja moja lilianza kuchukua siku, kisha wiki, na hapo ndipo saa ya kusubiri ikaonekana, pembeni yake kitufe cha kujaza kwa almasi. Kujaza tangi ilikuwa almasi 50, na pakiti ya almasi 500 ilikuwa shilingi 12,500. Piga hesabu: tangi moja limewekewa bei ya shilingi 1,250, na zile nishati 48 zinazomwagika ni shilingi 500 kwa siku.

Hiyo 500 ilinisumbua sana. Nilikuwa nahisi naitupa kila siku nikichelewa. Mpaka nikajiuliza: hivi gemu lingeniuzia nishati 48 kwa shilingi 500, ningetoa kwa pesa ya simu? Hata mia nisingetoa. Bei aliipanga muuzaji, mimi nikaibeba kama hasara yangu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika tangu 1979 kwamba kupoteza kitu kunauma kuliko kinavyofurahisha kukipata, na tangi linalomwagika limekaa hapohapo.

Zawadi ya kila siku ni ndugu yake, ila yenyewe inafanya kazi kwa kalenda. Kabla ya kuumia roho, jua ya kwako ni ya aina gani. Ipo inayohesabu siku ulizoingia: ukikosa Jumatano, Alhamisi unaendelea ulipoishia. Hiyo haina madhara makubwa, kasoro yake ni kwamba mwezi ukiisha hujafika mwisho, zawadi kubwa ya mwisho inakupita. Na ipo ya mnyororo: ukikosa siku moja unarudishwa siku ya kwanza. Hii ndiyo inayomfanya mtu afungue gemu msibani.

Nasema msibani kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa siku ya 23 kati ya 28, na siku ya 28 kulikuwa na shujaa niliyemtaka. Tukapata msiba Rombo, Ijumaa nzima sikushika simu. Usiku wa manane watu wamelala nikatoka, nikapita migombani nikapanda hadi mahali pa kupata mtandao, simu imeinuliwa juu kama nalenga popo. Saa 7 usiku nikafanikiwa, nikachukua zawadi. Narudi, namkuta baba mdogo amekaa kwenye moto na kata yake ya mbege. Akaniuliza, "Mwanangu, unampigia nani saa hizi?" Nikamjibu, "Mteja, baba." Hakuniambia kitu, akachochea moto.

Nikajua tayari ni Jumamosi, siku ya leo nimeshamaliza. Jumamosi tukazika, sikufungua. Jumapili nafungua, nimerudishwa siku ya kwanza. Nilikasirika mpaka nikaanza kuandika malalamiko, ndipo nikaona saa ndogo kwenye kona ya kalenda inayohesabu muda uliobaki kabla ya siku kubadilika. Seva ilikuwa inafuata saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, si saa ya kwetu. Saa 6 usiku ya kwao kwetu ni saa 9 usiku. Kwa hiyo zawadi niliyochukua saa 7 usiku ilihesabiwa ya Ijumaa, na Jumamosi nzima ndiyo niliyoikosa. Angalia hiyo saa kwenye gemu lako leo, kwa sababu si wote wanabadilisha siku wakati mmoja. Langu likinipa kuanzia saa 9 usiku hadi saa 9 usiku inayofuata, hakuna sababu ya mimi kuamka alfajiri kuchukua. Saa 7 mchana ni sawasawa kabisa.

Na kulikuwa na kitufe cha kuunganisha mnyororo uliokatika kwa almasi 100. Kwa bei ileile ni shilingi 2,500 kwa siku moja ya msiba. Sikulipa, lakini nisiwadanganye, kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu.

Kama unafikiri tunakuza mambo, Desemba 2023 mamlaka ya China inayosimamia michezo ya mtandaoni ilitoa rasimu ya kanuni ambayo, pamoja na mengine, ingezuia zawadi za kuingia kila siku. Siku hiyohiyo hisa za kampuni kubwa za gemu zilianguka vibaya, na Januari 2024 rasimu ikaondolewa kwenye tovuti. Wenye mitaji walijua hizo zawadi zinabeba nini.

Sasa nilichofanya. Kwanza notifikesheni. Ile ya "nishati imejaa" mara nyingi haitoki kwenye seva. Ukitoka, gemu linajua tangi litajaa lini, linaiachia simu yenyewe kazi ya kukuita. Ndiyo maana inalia hata bando limeisha. Kwenye Android kuanzia toleo la 8, bonyeza ujumbe huo ukishikilia, utaona kama gemu limegawa ujumbe wake kwa makundi. Zima kundi la nishati, acha la matangazo ya ukarabati ukipenda. Wakiwa wamerundika zote kundi moja, na wengi wanafanya hivyo makusudi au kwa uvivu, zima zote. Zile nukta nyekundu ndani ya gemu huwezi kuzizima, kwa hiyo mimi nikiingia nafanya kwanza kilichonileta, nukta baadaye au siku nyingine.

Pili, nilichagua mara moja kwa siku, saa 2 usiku baada ya kufunga kibanda. Nachukua 120, 168 zinamwagika. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nasikia kabisa zinamwagika. Baada ya hapo nikaangalia shujaa wangu mkuu: kupandisha daraja kulikochukua siku 10 sasa kunachukua kama siku 24. Hayo ndiyo malipo kamili ya kuingia mara moja, kuchelewa. Kwa anayecheza mwenyewe dhidi ya kompyuta, hakuna anayekusubiri huko mbele. Ukiwa kwenye kundi lenye vita vya zamu hesabu inabadilika, maana pale unavutwa na watu wenye majina na si tangi, na hilo inabidi uongee nao.

Tatu, mnyororo niliukata mwenyewe, kwa kusudi, siku ya 9. Usisubiri ufike siku ya 23 ndipo ujaribu, kidonda kitakuwa kikubwa. Siku ya 10 asubuhi nilifungua duka, nikabadilisha kioo cha simu mbili, na sikukumbuka gemu hadi mchana.

Tupia hapa namba za kwako: tangi, dakika, gharama ya pambano na saa siku inapobadilika. Nitakupigia hesabu jioni nikifunga kibanda.