Mfanyakazi anapopinga alama zake za tathmini: niliyojifunza kwa kumjibu

Ninyi mnaoanza kazi katika ofisi za rasilimali watu mtapokea, kila mwaka tathmini inapofungwa, barua mbili tatu za watu wasiokubaliana na alama walizopewa. Nitaeleza kisa kimoja tu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mwenye kujibu barua hizo anaweza kulifanya, na mengine niliyafanya mimi mwenyewe.

Ilikuwa katika taasisi ya mikopo midogo, Dar es Salaam. Afisa mikopo mmoja aliirudisha fomu yake bila saini, akiwa ameandika pembeni kwa kalamu ya bluu: "Sijatendewa haki." Fomu ilikuwa na vipengele vinne, kila kimoja na uzito wake, na kila kimoja kikipewa alama kuanzia 1 hadi 5. Marejesho ya mikopo yalibeba asilimia 40, wateja wapya 25, ubora wa mafaili 20, na mwenendo kazini 15. Msimamizi wake alikuwa amempa 3, 4, 2 na 3 kwa mpangilio huo. Ukizidisha kila alama kwa uzito wake unapata 1.20, 1.00, 0.40 na 0.45, jumla 3.05. Daraja la "anakidhi matarajio" lilianzia 2.50 na kuishia chini ya 3.50. Kuanzia 3.50 mtu alihesabiwa "amevuka matarajio", na hapo ndipo bonasi ilipobadilika.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa sahihi: sikumjibu siku ileile. Nilimwandikia mistari mitatu ya kukiri kuipokea barua yake na kumtajia tarehe ya kumjibu, siku kumi za kazi mbele, kisha nikamwomba aeleze kipengele kwa kipengele ni alama ipi anayoipinga na ana ushahidi gani. Ombi hilo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa neno "haki" halichunguziki mpaka limegawanywa. Mtu anaweza kuwa anasema takwimu zimekosewa, au takwimu ni sahihi ila kipimo hakikumfaa, au kipimo ni sahihi ila msimamizi amehukumu vibaya. Madai ya namna ya kwanza humalizwa na rekodi, ya pili hutaka kurudi kwenye malengo yaliyosainiwa mwanzoni mwa mwaka, na ya tatu, ambayo ndiyo magumu, hutaka mifano iliyoandikwa.

Alijibu vizuri. Kuhusu marejesho alikiri kwamba asilimia 91 iliyoandikwa ni ya kweli, na kwamba kwa mwongozo wetu asilimia 90 hadi 94.9 hupewa 3. Lakini mwezi wa Julai alikabidhiwa wateja 38 wa mwenzake aliyeacha kazi, na 11 kati yao walikwisha kuchelewesha marejesho kabla hajawaona. Niliitafuta taarifa ya makabidhiano na kuikuta, ikiwa na saini tatu. Malengo yake, hata hivyo, hayakurekebishwa. Alipimwa kwa kipimo cha Januari akiwa amebeba mzigo wa Julai. Tulipowatenga wale 11, marejesho yake yalifika asilimia 96, ambayo ni alama 4.

Kuhusu mafaili hakuwa na hoja. Alitaka 3, ila katika mafaili 20 yaliyokaguliwa, 7 hayakuwa na saini ya mdhamini. Orodha ya namba za mafaili hayo niliiambatanisha na jibu, ili ayafungue mwenyewe asilazimike kuniamini.

Basi jumla ikapanda kutoka 3.05 hadi 3.45. Hapo meneja akaniambia kwa nia njema, "Mpe hiyo 3.5 yaishe." Nilikataa, na ningekataa tena leo. Ukimwongezea mtu nukta isiyo na ushahidi umekiri kwamba alama zinapatikana kwa kulalamika, na hutakuwa na jibu kwa mwenzake aliyepata 3.46 akanyamaza. Vilevile sikukubali kumwambia kwamba "kamati ndiyo iliyoamua". Kikao cha ulinganishi, ambamo wasimamizi hulinganisha alama zao ili mkali na mpole wasipishane mno, kilikuwa kimefanyika kweli, lakini alama ni ya msimamizi aliyeisaini, naye ndiye anayepaswa kuieleza. Alama za wafanyakazi wengine zilizojadiliwa humo hazitajwi katika barua ya mtu, hata akiziuliza.

Sehemu kuu ya barua niliiandika hivi: "Alama yako ya marejesho imebadilishwa kutoka 3 kuwa 4 kwa sababu malengo yako hayakurekebishwa baada ya makabidhiano ya Julai. Alama ya mafaili imebaki 2 kwa sababu zilizo kwenye kiambatanisho. Jumla mpya ni 3.45, na daraja lako halijabadilika." Sentensi ya mwisho inauma, na kwa hiyo watu huificha katikati ya maneno ya pongezi. Iandikeni waziwazi. Mfanyakazi akigundua mwenyewe, wakati wa bonasi, kwamba "ushindi" wake haukuwa na kitu ndani, hatawaamini tena.

Kisha nikamweleza njia zilizobaki. Anaweza kusaini fomu, kwa kuwa saini inathibitisha kwamba ameiona na si kwamba ameikubali, na kuandika maoni yake katika nafasi iliyotengwa. Anaweza kukata rufaa kwa kamati ya mapitio ndani ya siku 14, mbele ya watu watatu ambao hakuna aliyeshiriki kumpa alama. Nje ya taasisi ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine ndani ya siku 60. Nilimweleza pia kwamba alama peke yake kwa kawaida humalizwa ndani, ila ikija kutumiwa kama sababu ya kumwachisha mtu kazi, Kanuni za mwaka 2007 zinazohusu utendaji bora humtaka mwajiri aonyeshe kwamba mfanyakazi alikijua kipimo, kwamba kipimo kilikuwa cha kiasi, na kwamba alipewa nafasi ya kujirekebisha. Wapo wanaoogopa kuzitaja njia hizi wakidhani wanamchochea mtu. Kwa uzoefu wangu, anayejua mlango ulipo huwa hana haraka ya kuuvunja.

Alikata rufaa, na hapa ndipo kosa langu lilipoonekana. Katika barua yangu nilikuwa nimeeleza alama tatu kwa rekodi, lakini ya nne, ya mwenendo, niliiacha kwenye 3 kwa maneno ya msimamizi yaliyokuwa kwenye fomu: "Ajitahidi zaidi." Ajitahidi kufanya nini, sikuuliza. Kamati iliuliza, na msimamizi hakuwa na tukio hata moja aliloliandika mwaka mzima. Mfanyakazi yeye alikuja na barua pepe mbili ambamo msimamizi huyohuyo alimshukuru kwa kuwafundisha maafisa wapya jioni baada ya saa za kazi, jambo ambalo mwongozo wetu uliliandika wazi chini ya alama 4. Kamati ikaipandisha, 0.45 ikawa 0.60, na jumla ikafika 3.60.

Tofauti ya bonasi alilipwa mwezi uliofuata. Kuanzia mwaka ule, fomu yenye alama ya mwenendo isiyo na tarehe na tukio chini yake niliirudisha kwa msimamizi kabla mfanyakazi hajaiona.