Masi mbili, springi tatu: hiyo 25 na 75 maana yake nini

"Wakuu, nina toroli mbili za kilo 0.2 na springi tatu za Newton 5 kwa mita, ukuta hadi ukuta. Matriksi imenipa eigenvalyu 25 na 75. Ndo frikwensi hizo? Na eigenvekta za kazi gani?"

Hapana mkuu, hiyo ni omega mraba, si unakumbuka ulidhania zote zinacheza kwa sine ya omega moja, ukaderiveti mara mbili ikashuka ω². Chukua kipeuo cha pili upate 5 na 8.66 radiani kwa sekunde, gawa kwa 2π ndo upate hertz. Kwa stopwochi ya simu, mizunguko 10 ni kama sekunde 12.6 na 7.3.

Eigenvekta inakwambia uziachieje. (1,1) maana yake vuta zote sentimita 3 kulia uachie kwa pamoja. Angalia springi ya kati, haivutiki wala haibanwi, imekaa tu kama mgeni, kwa hiyo kila toroli inahangaika na springi yake ya ukutani basi: 5/0.2 = 25. Kwenye (1,-1) zinakimbiana, alafu kitovu cha springi ya kati hakisogei hata kidogo, ni kama umeikata nusu ukaipigilia hapo, na nusu springi ni ngumu mara mbili. 5 + 10 = 15, gawa kwa 0.2, 75 hiyo. Ndo maana ukikosea alama ya zile -5 za pembeni kwenye matriksi ya springi, [[10, -5], [-5, 10]], utajua tu, (1,1) itapewa 75 wakati springi ya kati haifanyi kazi yoyote.

Ukivuta moja tu unapata mchanganyiko wa modi zote mbili nusu kwa nusu, utaona vurugu tu, usianze kuhesabu mizunguko hapo.

Ila masi zikitofautiana kuwa makini. Mimi mwaka wa pili nilipakia toroli ya pili ikawa kilo 0.4, nikagawa kila mstari kwa masi yake, nikapiga

```python
A = [[50, -25], [-12.5, 25]]
np.linalg.eigh(A)
```

ikanipa 19.8 na 55.2, yani mizunguko 10 ya modi ya polepole sekunde 14.1. Stopwochi inasema 15.8. Nikalaumu springi siku nzima, kumbe `eigh` inasoma pembetatu ya chini tu, inajifanya matriksi ina simetria na haikuonyi kitu. Dawa yake:

```python
scipy.linalg.eigh(K, M)
```

K ni ile ya springi, [[10, -5], [-5, 10]], M ni masi kwenye daigonali. Inakuja 15.85 na 59.15, hizo bado ni omega mraba: kipeuo cha pili cha 15.85 ni 3.98, na mizunguko 10 ndo zile sekunde 15.8 za stopwochi. Modi zenyewe ni (1, 1.366) na (1, -0.366), ukizizidisha kawaida unapata 0.5 badala ya sifuri, usishtuke, weka masi ndani: 0.2×1 − 0.4×1.366×0.366, sifuri hiyo.