Vitufe vya redio kwenye fomu ya PDF

"Kwenye Acrobat, Ndiyo na Hapana vinakubali kuwaka pamoja, na nikikusanya majibu kila kimoja kina safu yake. Nifanyeje?"

Habari ndugu. Anza kuangalia majina. Fungua Prepare Form, bofya mara mbili kila kitufe: Name iwe ileile kwa vyote viwili, tuseme ameolewa, ila Radio Button Choice itofautiane, Ndiyo na Hapana. Name ndiyo kichwa cha safu, Choice ndiyo jibu litakaloandikwa humo. Ukirudia Choice vilevile, vinaweza kuwaka pamoja, na kwenye jedwali hutajua nani alijibu nini.

Tooltip, maandishi yanayotokea kishale kikisimama juu ya kitufe, ni moja kwa kundi zima, kwa hiyo weka humo swali lenyewe: "Je, umeolewa?" Mpangilio wa Tab, yaani mjazaji akibonyeza Tab anaenda sehemu ipi, uko kwenye orodha ya sehemu, pembeni: chagua Order Tabs Manually, kisha buruta majina juu au chini.

Mwisho tumia Merge Data Files into Spreadsheet, upate faili la CSV la kufungua kwa Excel. Mstari ukitoka mtupu, mara nyingi mjazaji "alichapisha" fomu kuwa PDF badala ya kuihifadhi. Majibu yanaonekana kwa macho, lakini sehemu zenyewe zimeshafutika. Mwombe aijaze upya.