Namba Ile Ile, Laini Mpya, na Benki Inayokukana

Shikamoo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Laini yangu ilikufa nikairinyuu, namba ile ile, simu ile ile. Napiga na napigiwa vizuri. Lakini aplikesheni ya benki inasema kifaa hakijasajiliwa. Mimi nimebadilika nini?

Marahaba, mama. Wewe hujabadilika, kilichobadilika ni kile kipande cha plastiki. Namba yako ya simu haikai ndani ya laini, inakaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Ndani ya laini kuna namba nyingine usiyoiona, inaitwa IMSI, yenye tarakimu hadi 15, na ya laini za Tanzania huanza na 640. Ulipoweka kidole kwa wakala, kampuni iliibandua namba yako kutoka kwenye IMSI ya zamani ikaibandika kwenye mpya. Ndiyo maana wateja wako wa Sengerema wanakupata kama kawaida.

Benki inaangalia mbali zaidi ya namba. Siku uliyojisajili, aplikesheni ilitengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja ulibaki ndani ya simu yako, mahali ambapo hata wewe huwezi kuunakili. Wa pili ulikwenda benki. Kila unapoingia, benki inatuma fumbo jipya, simu yako inalitia saini kwa ufunguo wake, na benki inaikagua saini hiyo kwa ufunguo ilionao. Mtu akiijua namba yako ya siri lakini hana simu yako, saini hiyo hawezi kuitoa. Juu ya hapo, benki nyingine huangalia kama laini imebadilishwa siku za karibuni. Jibu likiwa ndiyo, usajili wa kifaa unasimamishwa hata kama simu haijabadilika.

Kwa hiyo ufunguo wako bado upo mzima, ila hautambuliwi mpaka uthibitishwe upya. Tafadhali usiifute aplikesheni ukidhani unaanza upya. Kwenye simu za Androidi, ukiifuta, ufunguo nao unapotea. Ulikuwa na laini ngeni, sasa utakuwa na laini ngeni na kifaa kigeni.

Nilikwenda tawini na kitambulisho, nikasajiliwa mbele ya macho yao. Bado naambiwa nisitume zaidi ya kiasi kidogo mpaka kesho. Huu si usumbufu? Baba wa Igoma.

Ni usumbufu, baba, sikatai. Nilikaa dirishani miaka kadhaa na nimetukanwa kwa ajili ya kanuni hiyo hiyo. Nikusimulie kisa kimoja kilichonifanya niache kuitetea kwa midomo tu.

Fundi wa injini za mitumbwi, Igombe, alinunua laini ya pili kwa kijana aliyetandika meza chini ya mwavuli. Akaweka kidole. "Hakijashika, rudia." Akarudia. Kidole cha kwanza kilisajili laini aliyoinunua. Cha pili kiliirinyuu laini yake ya zamani kwenye kadi iliyokuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Siku mbili kabla alikuwa amepigiwa na "mtu wa benki" akamtajia namba yake ya siri.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Laini ya zamani ikapoteza mtandao, naye akadhani mnara una hitilafu, akaenda kula. Huku nyuma mwizi alipakua aplikesheni kwenye simu yake, akaingiza namba ya fundi, na meseji ya uthibitisho ikaja moja kwa moja kwenye laini aliyoishika. Namba ya siri alikuwa nayo.

Sasa jiweke kwenye kiti cha benki. Inaona namba sahihi, namba ya siri sahihi, laini mpya, simu mpya. Mtu wa kweli ambaye simu yake imezama ziwani anaonekana hivyo hivyo, bila tofauti hata moja. Mtambo hauwezi kuwatenganisha kwa yale wanayoyaingiza. Kinachowatenganisha ni muda, kwa sababu mwenye mali atashtuka na mwizi hawezi kusubiri. Fundi alishtuka Jumamosi asubuhi, alipoona simu ya jirani, mtandao ule ule, imejaa mawimbi na yake haina hata kijiti. Akaazima simu hiyo, akapiga 100 laini ifungwe, kisha akapiga benki. Kwenye akaunti kulikuwa na milioni tatu na ushee. Mwizi aliondoka na 50,000, kwa kuwa ndicho kikomo cha kifaa kipya kwa saa 24 za kwanza.

Utauliza, mimi nilikuja kwa miguu yangu, kwa nini nihesabiwe hivyo hivyo? Kwa sababu kitambulisho cha kughushi nacho huja kwa miguu, na afisa wa dirishani anaweza kudanganywa au kununuliwa. Kikomo kinakifuata kifaa bila kujali nani alikisajili, wala afisa hana kitufe cha kukiondoa. Nimeshaombwa mara nyingi, tena na watu wazito. Muda na kiasi hutofautiana benki hadi benki, kwa hiyo uliza vya kwako kabla hujaahidi kulipa mzigo siku hiyo.

Mimi niko Ukara. Wakala wa hapa hawezi kunisajilia simu mpya? Nauli ya kuvuka ni hela.

Kwa kawaida wakala wa benki anaweka na kutoa pesa, kusajili kifaa si kazi yake. Lakini usipande chombo kabla hujapiga simu huduma kwa wateja. Baadhi ya benki hukubali ujisajili mwenyewe kwa kadi ya ATM na namba yake ya siri, au kwa picha ya uso inayolinganishwa na ya NIDA. Kadi hiyo inasaidia kwa sababu haina uhusiano wowote na laini, hivyo aliyeiba laini hajaiba kadi.

Ukijisajili mwenyewe, kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi wenye simu ya laini mbili. Aplikesheni nyingine hutuma meseji ya kimyakimya kutoka kwenye simu yako kwenda benki, ili benki ione imetoka namba gani. Kama meseji zako hutoka kwa laini ya pili, benki inaona namba isiyo yako na kukataa, nawe unaambiwa tu kwamba uthibitisho umeshindikana. Chomoa laini ya pili kwa dakika hizo, weka salio la kawaida kidogo maana bando la intaneti halitumi meseji, kisha jaribu tena. Usijaribu mara tano mfululizo, utafungiwa na safari ya Nansio utaifanya tu.

Amenipigia afisa anasema anakamilisha usajili wa simu yangu, nimsomee namba iliyokuja kwa meseji. Nimsomee?

Hapana. Namba ile inaingizwa kwenye simu inayosajiliwa. Akiihitaji yeye, simu inayosajiliwa ni yake.

Nitajuaje kama kuna laini nyingine kwa jina langu?

Piga *106# kwenye simu yako, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni hiyo ikafutwe. Ila fahamu kwamba menyu hiyo isingemsaidia fundi wa Igombe. Laini yake ilirinyuliwa kwa namba ile ile, na kwenye orodha ingeonekana ni yake. Yeye angeokolewa na kijiti cha mtandao kilichotoweka saa kumi na moja, kama angekiangalia kabla ya kwenda kula.