Maswali ya Watunzi: Unga, Arosto na Kiitikio

Mwalimu, naandika wimbo wa unga. Nimeanza: "Unga ni adui yetu, vijana tuache dawa." Nikaze wapi?

Mizani yako imetimia, 8 kwa 8, lakini humo ndani hamna mtu. Anayevuta alishaambiwa hayo na imamu, na chifu, na mamake, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Kila wiki naletewa adui huyu asiye na uso, na nimechoka naye.

Anza na saa. Mtu aliyevuta mara ya mwisho saa tatu za usiku, arosto huweza kumwamsha kabla jua halijatoka, kwa sababu heroini huanza kumdai mwenyewe baada ya masaa 8 mpaka 12 hivi. Kamasi zinamtoka, anapiga miayo isiyokoma, vinyweleo vinamsimama, tumbo linamkata. Saa hiyo hatafuti raha, anatafuta maumivu yanyamaze. Ukiliandika hilo sawasawa, hutahitaji kumwambia msikilizaji kuwa unga hauna starehe. Tazama:

*Kabla ya jua kutoka*
*Kamasi zanidondoka*
*Sufuria naishika*
*Ya mama, ingali moto*

Mama ameamka mapema apike mbaazi za kuuza. Mtoto anaibeba sufuria na moto wake, na msikilizaji wa Mombasa anajua inapelekwa wapi. Sikuandika kuwa mama analia. Mama anayelia yumo katika kila wimbo wa namna hii, hata hasikiki tena. Sufuria ndiyo riziki yake ya siku ile, basi iache iseme.

Niweke bei ya kete na namna ya kudunga, ili wimbo uwe wa kweli?

Usiweke. Kijiko, kiberiti na sindano vikitajwa kwa utamu wa sauti humwamshia hamu mtu aliyeacha juzi, naye huenda anakusikiliza akiwa kwenye matatu, peke yake. Wasiotumia nao wanapata somo la bure.

Kiitikio kinanishinda. Kila nikikiandika kinageuka mawaidha.

Ni kwa sababu unakitaka kiitikio kitoe hukumu. Kinarudiwa mara tatu au nne, kwa hiyo amri ikikaa humo inakuwa hotuba, na sifa ikikaa humo inakuwa tangazo la biashara. Kipe maneno mepesi ambayo ubeti utayabadilisha maana. Mimi ningeweka mizani 8 tu: *Kesho asubuhi tena*.

Baada ya ubeti wa sufuria, maneno hayo yanatisha: kesho arosto itarudi, na nyumbani itatafutwa sufuria nyingine. Sasa andika ubeti wa pili. Mtu yuleyule anaishi Likoni na anakunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, kliniki ya Kisauni. Anavuka feri, ambayo kwa mwenda kwa miguu ni bure, kisha anatafuta nauli ya matatu ya kupita daraja la Nyali. Anapanga foleni, anapewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, anakinywa mbele ya mhudumu, anaambiwa aseme neno ili ionekane amemeza. Dawa hiyo inamtuliza siku nzima, haimlevyi kama kete. Halafu kiitikio: *Kesho asubuhi tena*. Herufi hazikubadilika hata moja, lakini sasa asubuhi ina pa kwenda. Uchovu wa kwenda kila siku umebaki humo pia, na usiuondoe, maana wapo wanaoshindwa kwa sababu ya nauli na foleni, si kwa sababu hawataki kuacha.

Msiandike kwamba methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Watu wanalisema hilo vibarazani, na kuna waliokatiza dawa kwa kuona haya.

Ubeti wa mwisho amepona kabisa, anacheka. Sawa?

Mbona haraka? Wengi huacha, wakarudi, wakaacha tena. Ukitaka kuandika kurudi, iandike hatari yake ilivyo: aliyekaa wiki kadhaa bila unga, mwili wake umeshapoteza uzoefu. Kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumzimisha pumzi usiku huohuo. Kwa hiyo ule mstari mnaoupenda, "mara moja tu kwa kumbukumbu", uondoeni kabisa au mwonyesheni aliyeukuta mwili.

Nitaje unga, bugizi, muguka na bangi pamoja?

Chagua kimoja. Kila kimoja kina maumivu yake.

Neno "teja" nilitumie?

Mdomoni mwa anayejisema mwenyewe, ndiyo. Mdomoni mwako ukimnyooshea kidole, hapana.

Sijawahi kutumia hata siku moja. Nina haki ya kuandika?

Andika kutoka ulipokuwa umesimama. Kama ulikuwa ndugu yake, wewe ndiye uliyefunga chumba kwa kufuli na kulala na ufunguo chini ya mto, ukisikia mlango ukigongwa usiku, nawe ukijua ni yeye. Hayo mwenyewe hawezi kuyaandika, kwa kuwa alikuwa upande wa pili wa mlango.