Ukuta unapokutana na bati: kwa mafundi wanaoanza

Nyumba za paa la kuficha zimekuwa nyingi Mwanza, na kila parapeti, yaani ukuta unaopanda juu ya bati, huongeza mstari mmoja ambao maji yanaweza kupenya. Ukiitwa kutazama uvujaji wa aina hii, usikimbilie silikoni. Muulize kwanza mwenye nyumba doa hutokea muda gani baada ya mvua kuanza. Linalotokea ndani ya dakika chache huashiria uwazi kwenye kiungo chenyewe, ilhali linalojitokeza saa kadhaa baadaye, likaendelea kutanuka hata mvua ikishakatika, mara nyingi hutokana na ukuta uliolowa kuanzia juu.

Tuchukue nyumba ya Buswelu yenye doa kwenye kona ya dari ya jipsamu. Fundi wa kwanza alijaza saruji kwenye pembe ya ukuta na bati, nayo ikapasuka, kwa sababu bati la mita 6 likipanda joto kutoka nyuzi 20 alfajiri hadi 60 mchana hurefuka takriban milimita 3, kisha hurudi usiku, wakati ukuta hausogei kwa kiasi hicho. Wa pili alipigilia flashingi, yaani kipande cha bati cha kufunika kiungo, kwenye uso wa plasta na kuziba ukingo wake kwa silikoni, ambayo iliachia mara plasta ilipoanza kutoa vumbi.

Dawa ni kutumia flashingi ya vipande viwili. Cha chini hufungwa kwenye bati pekee na kusimama kando ya ukuta, angalau milimita 150, bila kupigwa msumari ukutani. Cha juu huingizwa katika mfereji uliokatwa ukutani kwa grinda, wenye kina cha milimita 25 hivi, kisha hushuka na kukifunika cha chini kwa milimita 75. Msivifunge pamoja kwa skrubu, hata mwenye nyumba akilalamika kwamba vinaonekana kulegea. Kulegea huko ndiko kunakoruhusu bati kutembea.

Hata hivyo, doa la nyumba ile lilikuwa la kuchelewa, na hapo flashingi peke yake isingetosha. Mfereji wa milimita 25 hauzuii maji yaliyokwisha kuingia katikati ya tofali kupitia nyufa za juu ya parapeti. Hayo hushuka nyuma ya flashingi na kutokea ndani. Kwa hiyo juu ya ukuta huhitaji kofia ya zege au bati, iliyoinamia upande wa paa, yenye kingo zinazotokeza milimita 40 hivi kila upande na mchirizi chini ya kila ukingo ili matone yaanguke badala ya kurudi ukutani. Mvua ya ziwani huja na upepo na kupiga ukuta kwa ubavu, hivyo plasta ya nje nayo ikaguliwe.

Kabla ya kufunga dari, jaribuni kwa mpira wa maji: mwageni kwanza kwenye bati, kisha kwenye kiungo, mwisho juu ya kofia, mkisubiri kwa muda kila hatua. Mkianza juu, maji yatateremka kote na hamtajua yalipoingilia.